Daftari la Mimba Iliyosimama

Daftari lenyewe lilikuwa la mwanafunzi, la kurasa 96, lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Nililitoa katika mkoba wangu wa skuli usiku wa tarehe 9 Septemba, kwa sababu daktari alikuwa ameniambia nihesabu pedi nitakazobadilisha na nikumbuke saa. Sikuwa na nia ya kuandika habari za maisha yangu. Nilichora mistari miwili kama ninavyowachorea watoto wa darasa la tatu, safu moja ya saa na nyengine ya pedi, nikaanza.

Kabla sijaendelea, niseme kwamba mume wangu ameisoma habari hii yote na ametoa sentensi mbili, nami nimekubali zitoke. Mavyaa wangu nimemsomea sehemu zinazomhusu. Nalitaja hili mwanzoni kwa sababu ndilo jambo nililolijua kwa kuchelewa, na kuchelewa kwangu kulitugharimu.

Tunaishi Pemba, upande wa Wete, na mimba ile tuliisubiri miaka mitatu. Siku ya mwanzo ya hedhi yangu ya mwisho ilikuwa tarehe 1 Julai. Tarehe 5 Agosti nilipima mkojo nyumbani, mistari miwili ikatokea, na kwa kuwa msimu wa karafuu ulikuwa umeshaanza na nyumba imejaa watu, niliificha habari hiyo kwa kila mtu isipokuwa mume wangu. Yeye aliondoka wiki ya pili kwenda dago, yaani kambi ya wavuvi, na wenzake, mahali ambapo simu hushika mtandao kwa nadra mno.

Tarehe 4 Septemba mvua ilitishia ghafla wakati karafuu zikiwa zimeanikwa kwenye majamvi uwanjani. Kila mtu alikimbia, nami nikabeba gunia la karafuu mbichi zilizokuwa bado hazijachambuliwa makonyo, nikaliingiza ukumbini. Mavyaa aliniona. Tarehe 8 niliona damu kidogo, ya rangi ya kahawia. Tarehe 9 nilikwenda hospitali kupiga picha ya ultrasaundi, na aliyekuwa akinipima alimwambia mwanafunzi aliyesimama pembeni, si mimi, kwamba hapa hapana mapigo. Mimi nilikuwa nimelala pale na jeli baridi tumboni, nikisikia habari zangu zikielezwa kama somo.

Hospitali siitaji, kwa kuwa daktari aliyefuata alinitendea wema mkubwa na wote wawili wako chini ya paa moja. Ndiye aliyenieleza kwamba mimba ilikuwa imesimama, yaani kiini kimekufa lakini mwili haujakitoa, na kwamba kilikuwa na urefu wa milimita 16. Kiini kikishafika milimita 7 kwa kipimo cha ndani na mapigo yasionekane, alisema, hakuna tena shaka ya kusubiri wiki nyengine. Alinipa vidonge na masharti: nikijaza pedi kubwa mbili ndani ya saa moja, na hali hiyo ikaendelea kwa saa mbili mfululizo, nirudi usiku huohuo, nikipata homa au uchafu wenye harufu mbaya, nirudi pia.

Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa daftari langu una saa na idadi tu. Saa nne na nusu usiku, moja. Saa tano na robo, moja, imejaa, na pande kubwa kama nusu ya kiganja. Saa sita kasoro dakika tano, moja. Tarehe 14 homa iliponishika nilirudi, na daktari wa zamu, ambaye hakuwa yule wa mwanzo, aliponiuliza damu ilitoka kiasi gani na tangu lini, nilimfungulia ukurasa ule. Alisoma kwa muda mfupi, akauliza swali moja tu, akaniandikia dawa za kuua vijidudu na kuagiza nisafishwe kizazi kwa bomba la kufyonzea, kwa sababu kulikuwa na mabaki. Bila ya ukurasa ule ningejibu kama wanavyojibu wengi, kwamba damu ilikuwa nyingi tu. Ikiwa utaandika kitu kimoja katika siku za mwanzo, basi iwe hicho. Hakihitaji moyo wa kuandika, na msomaji wake unamjua tangu mwanzo.

Kurasa zilizofuata zilikuja zenyewe. Usiku wa tarehe 16, chini ya orodha ya dawa, niliandika: "Nilibeba gunia." Siku ya pili nikaiandika tena, na ya tatu pia, kwa maneno yaleyale. Niliandika kwa mkono na si kwa simu, na nafikiri hapo nilifanya vyema bila ya kukusudia, kwani simu yangu huchezewa na watoto wa wifi yangu kila Ijumaa, na maandishi ya simu hujinakili mahali ambapo mwenyewe hukujua. Daftari nililifungia katika sanduku la kanga zangu, nalo lina ufunguo mmoja.

Mwenzangu wa skuli anayeshughulika na ushauri nasaha, ambaye nilimwambia tu kwamba siko vizuri na kwamba naandika, alinieleza kuhusu uchunguzi uliofanywa Marekani na James Pennebaker na Sandra Beall, uliochapishwa mwaka 1986. Wanafunzi wa chuo waliambiwa waandike kwa dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo, wengine kuhusu jambo lililowaumiza zaidi maishani, wengine kuhusu mambo ya kawaida. Walioandika matukio pamoja na hisia zao waliinuka kitini wakiwa na huzuni zaidi kuliko walivyokaa, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati mara chache zaidi. Nililichukua hilo la dakika 15 kwa sababu lilinipa ruhusa ya kuacha. Niliweka simu kulia baada ya robo saa, na ikilia nafunga daftari hata kama sentensi haijaisha. Aliniambia pia jambo ambalo nalisisitiza kwa kila anayeniuliza: ukiona unaandika sentensi ileile kwa wiki kadhaa, usingizi haupo na chakula hakishuki, basi kuandika peke yake hakutoshi na unatakiwa umwone mtu. Mimi nilikuwa kwenye sentensi yangu ya gunia kwa siku kumi na moja.

Kilichonitoa humo ni daftari lenyewe, na nitaeleza namna ilivyokuwa kwa sababu ndiyo faida kubwa niliyoipata kwa kuandika tarehe badala ya kuandika "juzi" na "siku ile". Jioni moja mwishoni mwa Septemba nilikaa kuandika upya mambo yote kwa mpangilio, kuanzia tarehe 1 Julai. Nikaandika kwamba siku ya picha mimba yangu ilikuwa na wiki 10 kwa hesabu ya hedhi. Nikaandika milimita 16. Kwenye karatasi ya picha, chini ya kipimo hicho, mashine ilikuwa imechapa wiki 8, nami sikuwahi kuitazama vizuri. Wiki 10 kutoa wiki 8 ni wiki mbili, na wiki mbili kabla ya tarehe 9 Septemba ni tarehe 26 Agosti. Gunia nililibeba tarehe 4 Septemba. Nililibeba siku tisa baada ya kile kiini kuacha kukua.

Nilirudi kwa yule daktari wa mwanzo na daftari mkononi, nikamwonyesha hesabu yangu. Alisema hesabu ni ya kukadiria, kwa kuwa yai linaweza kuchelewa kutoka na kupunguza siku kadhaa, lakini hedhi yangu ilikuwa ya siku 28 bila ya kuyumba na tarehe ya kipimo cha mkojo iliafikiana nayo. Kisha akaniambia kwamba hata kama tarehe zingeangukia upande wa pili, gunia lisingekuwa sababu, kwani takriban nusu ya mimba zinazotoka katika miezi mitatu ya mwanzo huwa na hitilafu katika kromosomu, kosa ambalo kwa kawaida hutokea kabla yai na mbegu hazijakutana au punde baada ya hapo. Neno la daktari lilinifaa, lakini kusema kweli tarehe zangu mwenyewe ndizo zilizoniaminisha. Nilizoea kuambiwa "usijilaumu" na watu wasiojua lolote.

Sasa nije kwenye kosa. Mume wangu alirudi kutoka dago tarehe 27 Septemba. Habari ya kutoka kwa mimba ilikuwa imemfikia kwa kinywa cha mvuvi mwengine, nusu nusu. Nilimwelezea kwa maneno machache, nikaona siwezi, na baada ya wiki moja nikafanya lile nililolihesabu kuwa jambo la ukweli na la upendo: nikampa daftari zima. Nilimwambia, "Yote yamo humo." Alikaa nalo barazani baada ya Isha, akiwasha tochi ya simu. Nilikuwa ndani nikihesabu kurasa kwa sauti ya karatasi zinavyogeuzwa. Ukurasa wa saba ukageuzwa, kisha kimya. Ukurasa wa saba niliuandika usiku wa homa, na mstari wake wa mwisho unasema kwamba pweza wa dago wana bahati kuliko mimi, maana wao angalau hutafutwa.

Alilifunga, akaliweka juu ya kiti, akatoka. Wiki tatu zilizofuata alikuwa mpole kwangu kama mgeni. Tulipokuja kuzungumza aliniambia, "Ulinipa hukumu kabla hujanipa habari." Alikuwa na haki. Ukurasa ule nilikuwa nimeuandika ili homa ya moyo ishuke, haukuwa barua kwake, na usiku niliouandika sikuwa hata na hamu ya kujua yeye yuko katika hali gani. Baadaye nilijua kwamba siku ambayo habari ilimfikia alitaka kurudi, bahari ikawa imechafuka kwa siku tatu. Hilo halimo katika daftari langu popote.

Hapo ndipo nilipoacha kujiuliza kama daftari lisomwe au lisisomwe. Swali hilo halina jibu, kwa kuwa daftari si kitu kimoja. Nilichukua penseli nikapita ukurasa baada ya ukurasa, nikaandika pembeni huu ni wa nani. Ukurasa wa saa na pedi ulikuwa wa daktari na umeshafanya kazi yake. Ukurasa wa tarehe ulikuwa wangu, na pengine wa mtu mwengine atakayelaumiwa kwa gunia. Kurasa za homa zilikuwa za mwenyewe peke yangu. Mume wangu hakuwa na ukurasa hata mmoja uliokuwa wake, kwa hiyo nikamwandikia. Kurasa mbili, kwa karatasi nyengine: nini kilitokea, saa ngapi, nani alinishika mkono, nini nilitamani kumwambia siku ile. Hasira niliiacha humo kwa sentensi moja, kwa sababu kuifuta yote kungekuwa uongo. Alizisoma mbele yangu, akazikunja na kuziweka katika mfuko wa shati lake, na hazijarudi kwangu hadi leo.

Kulikuwa na maswali ya dini pia, nami nilikuwa nimeyachanganya na kilio katika kurasa zilezile. Nilinakili tarehe na maelezo ya kilichotoka, bila ya zaidi, nikampelekea ukhti anayetusomesha. Alinieleza kwamba katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu Zanzibar tunayafuata, damu inayofuata mimba iliyotoka ni nifasi hata kama kilichotoka ni pande la nyama lisilokuwa na umbo, ikiwa wajuzi wamethibitisha kuwa ni asili ya mtoto. Nilikuwa nimeswali siku nne nikidhani ni damu ya ugonjwa. Ukhti hakuhitaji kujua juu ya pweza ili anijibu.

Sehemu iliyonichukua muda mrefu zaidi ni kurasa nne zinazohusu ile miaka mitatu ya kusubiri. Mwanamke wa chini ya miaka 35 akikaa mwaka mmoja bila ya kushika mimba, madaktari hushauri uchunguzi, na hutaka wote wawili wapimwe, si mke peke yake. Sisi tulipimwa wote wawili. Shoga yangu mmoja, aliyekuwa akipita njia hiyohiyo, aliniomba nimpe kurasa hizo asome kabla hajakwenda na mumewe. Nilidhani jawabu ni rahisi: nitampa yangu na nitaruka ya mume wangu. Nikakaa kuinakili, na nilipofika katikati nikaona kwamba haiwezekani. Nikisema majibu yangu yalikuwa mazuri, msomaji atajaza mwenyewe majibu ya mwenzangu. Nikisema yalikuwa mabaya, atamsafisha mwenzangu kwa kunipaka mimi, na hilo pengine si kweli pia. Siri ya ndani ina watu wawili, na nusu yake ikitoka, nusu ya pili huonekana kwa uwazi uliobaki. Nilimuuliza mume wangu. Akafikiri siku mbili, akasema hapana. Ndiyo maana majibu hayo hayamo hapa, si yake wala si yangu.

Shoga yangu nilimwandikia badala yake mambo yasiyokuwa na mwenyewe: kwamba mwanamume huambiwa asikutane na mke kwa siku kati ya mbili na saba kabla ya kutoa mbegu za kupimwa, na kwamba kipimo kimoja kikitoka vibaya hurudiwa kabla ya kuaminiwa. Nilimsomea kwa sauti pia ukurasa wangu mmoja, wa siku niliyoona hedhi katika mwezi wa thelathini. Sikumpa karatasi. Hili la kusoma kwa sauti nililipenda, maana unaweza kunyamaza ukiona uso wa mtu unabadilika, na karatasi ikipigwa picha mara moja huwezi tena kuirudisha sandukuni.

Kabla ya kusoma kwa mtu yeyote nilikuwa na mtihani wangu, nao ni huu tu: nilikuwa naandika jibu baya zaidi ambalo mtu huyo anaweza kunipa, kwa maneno yake hasa, kisha nalala nalo. Kwa dada yangu niliandika, "Mwenyezi Mungu atakupa mwengine." Nililala, na asubuhi sentensi hiyo bado iliniuma vilevile, kwa hiyo dada yangu sikumsomea mwaka ule. Mwaka uliofuata niliweza.

Aliyebaki alikuwa mavyaa. Kwake niliandika, "Lakini gunia ulilibeba." Kwa miezi kadhaa neno hilo lilikuwa limeshasemwa jirani, barazani, na wakati wa kuchambua karafuu usiku, ambapo mikono ya watu ina kazi na midomo haina. Hakulisema kwa ubaya. Nafikiri alihitaji sababu kama nilivyoihitaji mimi katika zile siku kumi na moja. Nililala na jibu lile usiku mmoja na nikaamka nikiwa naweza kulistahamili, kwa sababu sasa nilikuwa na tarehe.

Yeye husoma Kurani na barua za kiarabu, lakini herufi zetu za skuli humchosha macho. Nilimkuta ukumbini akipepeta mchele, nikaomba ruhusa, nikamsomea ukurasa ule mmoja tangu tarehe 1 Julai hadi mwisho. Niliruka sentensi moja iliyomtaja. Ungo aliuweka chini. Nilipomaliza alisema, "Hebu nisomee tena pale penye tarehe, mwanangu." Nikamsomea. Akahesabu kwa vidole, kwa miezi ya kiislamu, akaniuliza mwezi wa Safar wa mwaka ule ulianza lini, nami sikukumbuka. Kisha akaushika ungo wake, akaendelea.

Hakuna lililosemwa tena kwa siku tatu. Siku ya nne walikuja wanawake wawili wa jirani, wakakaa naye ukumbini, nami nilikuwa jikoni nikikuna nazi. Nilimsikia mmoja wao akitaja gunia, kwa mazoea tu, kama mtu anavyotaja mvua. Mavyaa akamkatiza. Akawaambia kwamba gunia halimo, kwamba kitoto kilisimama wiki tatu kabla ya siku ile, na kwamba picha ya hospitali imeandikwa. Aliwaambia na milimita. Nilikaa na mbuzi yangu ya kukunia nazi, na mkono wangu umesimama. Mambo yale nilikuwa nimemsomea yeye peke yake, na sikuwa nimemkataza kuyasema, wala halikunipitia wazo kwamba ukurasa uliosomwa kwa sauti una miguu yake pia.

Alikosea, hazikuwa wiki tatu, zilikuwa siku tisa. Sikutoka kumsahihisha.